Mgonjwa kanibana: "Vijidudu vimezoeaje dawa wakati miezi mitatu sijaimeza?"

Binti_Mwaloni
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku visiwani Ziwa Victoria, upande wa Buchosa. Elimu yangu ni kidato cha nne na semina za hapa na pale, kwa hiyo mnaojua mnivumilie.

Kuna kijana wa dagaa, miaka 27, alikutwa na TB mwanzoni mwa mwaka. Akaanzishiwa dawa, vidonge vitatu kila asubuhi kwa sababu alikuwa na kilo 49. Alimeza vizuri, mimi mwenyewe nilikuwa napita kumwona. Kufika wiki ya saba kikohozi kimekata, kilo zimefika 54, anakula ugali wa watu wawili. Giza la mwezi likaingia, ndilo la kuvulia dagaa, tajiri wake akahamishia mitumbwi kambi ya mbali, naye akapanda akaenda. Alipewa dawa za wiki mbili za kuondokea, vidonge 42.

Karudi juzi baada ya miezi mitatu. Anakohoa, usiku analowa jasho, suruali inashikiliwa na kamba. Mkononi ana kopo la mafuta ya kujipaka lenye vidonge, anauliza kama aendelee alipoishia.

Nikamwambia kama tulivyofundishwa, kwamba ukikatisha dozi vijidudu vinaizoea dawa. Akaniangalia, akasema: "Dada, vimezoeaje dawa wakati miezi mitatu sijaimeza? Si ndiyo vingeisahau?" Mwalo mzima ukacheka. Nami nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo. Nisaidieni.

Dukani_Nyakato
Dada, hilo rahisi. Kijidudu ni kama kibaka wa stendi. Ukimchapa ukamwachia kabla hajafa, keshajua fimbo yako inatokea upande gani. Siku nyingine anaikwepa. Vilivyobaki kwa huyo kijana vimeshajifunza dawa, na havisahau. Ndiyo maana mimi hapa dukani kila mteja namwambia maliza dozi, hata kama ni antibiotiki ya mafua.

Mzee_wa_Hadubini
Dukani, antibiotiki ya mafua tutarudi kwayo, nimeiwekea alama.

Binti, huyo kijana wako ana akili kuliko semina yenu. Nimekaa kwenye hadubini za makohozi miaka 31 hapa Mwanza, na neno "kuzoea" nimelichukia kwa miaka kama 20. Kijidudu hakijifunzi kitu. Hakina kichwa.

Ukweli ni kwamba wale sugu walikuwemo kifuani mwake kabla hajameza kidonge cha kwanza. Vijidudu vikizaliana vinakosea kosea kunakili, na mara chache kosa moja linakifanya kijidudu kisidhurike na dawa fulani. Kwa TB tunajua ni mara ngapi kwa makadirio. Dawa ya isoniazidi inakosa kama kijidudu kimoja katika milioni moja. Rifampisini inakosa kama kimoja katika milioni 100. Sasa kifua chenye tundu kubwa, kama pengine alivyokuwa nacho huyo kijana, kinaweza kubeba vijidudu milioni 100 na zaidi. Piga hesabu. Siku ile anaandikiwa kadi tayari ana kama vijidudu 100 vinavyoicheka isoniazidi, na kimoja kinachoicheka rifampisini. Hakuna aliyevifundisha.

Hebu fikiria wavu wa inchi sita. Sato mdogo anayepita kwenye tundu hakufundishwa kupita. Alizaliwa na mwili wa kupita.

Mama_Kuku_Buswelu
Naomba niulize hapo hapo. Mimi mwili wangu umeshazoea amoksilini, nikimeza hainifanyi kitu. Nikiugua UTI nilipewa dawa za siku tano nikaacha ya tatu, maana nilishapona. Je, nihamie sindano? Na kuku wangu nao nawapa ile ya unga kwenye maji, nao wanazoea?

Mzee_wa_Hadubini
Mama Kuku, mwili wako haujazoea chochote. Usugu uko kwa kijidudu, si kwako. Ndiyo maana jirani anaweza kuambukizwa kijidudu kilicho sugu naye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Sindano niachie. Ya kuku fungulia uzi wake, ni ndefu.

Nahodha_Igombe
Mzee, mfano wa wavu umenifurahisha lakini una tundu lake wewe. Mimi ni mvuvi. Samaki wengine hawapiti kwenye tundu la wavu, ila wavu hauwafikii. Wamejificha kwenye miamba au wamelala chini. Ukiwahi kuvuta unakuta mtumbwi mtupu, kesho yake ziwa limejaa. Hao nao ni sugu?

Mzee_wa_Hadubini
Nahodha, umenipokonya kazi. Hapo ndipo penyewe, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili.

Wapo sugu, yaani dawa inawafikia na haiwaui. Halafu wapo waliolala. Kijidudu cha TB hata kikiwa macho ni kivivu, kinachukua kama saa 20 kujigawa mara moja, wakati vijidudu vya kuhara vingine vinachukua dakika 20. Baadhi yake vinalala kabisa, havijengi ukuta, havizaliani. Isoniazidi inaua kijidudu kinapojenga ukuta wake, kwa hiyo kilicholala inakipita kama haikioni. Hakina usugu wowote. Kikiamka kesho, dawa ileile inakiua.

Ndiyo maana dozi ya TB ni miezi sita. Miezi miwili ya kwanza dawa nne kwa pamoja zinafyeka walio macho, ndipo kikohozi kinakata na kilo zinapanda. Miezi minne inayofuata ni kukaa na wavu majini, kwa isoniazidi na rifampisini, ukisubiri waliolala waamke mmojammoja. Rifampisini ndiyo hodari wa kazi hiyo, inamwahi hata aliyeamka kwa muda mfupi. Kijana wako aliondoka wiki ya saba. Walio macho walikuwa wameisha karibu wote, waliolala bado. Wameamka, wamezaliana, kifua kimejaa tena.

Sasa ukinielewa hapo, utaona jambo ambalo semina haisemi. Aliyekatisha mara moja tu, akiwa amemeza vizuri kabla, vijidudu vinavyomrudia mara nyingi ni vilevile vya mwanzo, dawa bado inaviua. Anaumwa, anaambukiza kambi nzima, anaweza kufa. Lakini si lazima awe sugu.

Dukani_Nyakato
Kwa hiyo Mzee unataka kutuambia kukatisha dozi hakuleti usugu? Wizara nzima imekosea, wewe na hadubini yako ndio mko sahihi?

Mzee_wa_Hadubini
Sijasema hivyo. Nimesema mara moja. Balaa liko kwenye acha-rudi, acha-rudi. Binti, kabla sijaendelea: vile vidonge kwenye kopo ni vingapi? Uvihesabu.

Binti_Mwaloni
Nimetoka kuvihesabu sasa hivi. Ni 9. Mzee, kwa nini unauliza?

Mzee_wa_Hadubini
Kwa sababu aliondoka na 42. Amemeza 33, ambavyo ni vya siku 11. Swali ni alizimezaje hizo siku 11. Kama ni siku 11 mfululizo alipofika kambini, sawa. Kama kazitawanya ndani ya miezi mitatu, hiyo ni habari nyingine. Muulize taratibu, usimuulize mbele ya watu.

Binti_Mwaloni
Nimerudi. Nilimfuata kwenye chanja za dagaa akiwa peke yake. Kwanza alikataa, baadaye akasema. Kule alikuwa anameza kikohozi kikianza. Siku mbili tatu, kikitulia anaweka. Wiki mbili tatu kikirudi anameza tena. Kuna na mwenzake aliyekuwa anakohoa, alimgawia "vidonge vichache tu." Nilimuuliza atajuaje kama dawa inaingia, akasema mkojo ulikuwa unageuka rangi ya chungwa, basi akaona inafanya kazi.

Mzee_wa_Hadubini
Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini inatoka. Unakuonyesha kwamba leo amemeza, basi. Wa jana hauonekani.

Sasa nikufanyie hesabu ili ukamjibu. Zile za moja katika milioni ni za kweli. Hizi zinazofuata nimeziweka za mfano, ili uone mwendo.

Ana vijidudu milioni 100, kati yake 100 vinaicheka isoniazidi. Anameza siku mbili tatu. Isoniazidi ndiyo yenye kasi kubwa siku za mwanzo, inafyeka vya kawaida tuseme mara mia, vinabaki milioni moja. Wale 100 haiwagusi. Wanapigwa na dawa nyingine zisizo na kasi hiyo, tuseme nusu wanakufa, wanabaki 50. Kikohozi kinatulia, anaacha. Wote wanazaliana upya mpaka milioni 100. Lakini ile sehemu ya sugu haikurudi ilipokuwa. Mwanzo walikuwa 100, sasa ni 5,000.

Kikohozi kinarudi, anameza siku mbili tatu, anaacha. Kwa mwendo uleule wanakuwa 250,000. Mzunguko wa tatu, kama milioni 11. Wa nne, karibu tisa kati ya kila kumi ni sugu kwa isoniazidi. Hakuna aliyejifunza kitu. Ni wale wale 100 wa mwanzo, kila mara wanaachiwa shamba wakati wenzao wanafyekwa.

Sasa angalia hatua inayoniogopesha mimi. Mwanzo dawa zilikuwa zinalindana. Kijidudu cha kuzikwepa isoniazidi na rifampisini kwa pamoja ni kimoja katika trilioni 100, hakuna kifua kinachobeba idadi hiyo. Samaki aliyepita kwenye wavu bado kuna ndoano. Lakini kifua kikishajaa vijidudu milioni 100 ambavyo vyote vinaicheka isoniazidi, rifampisini iko peke yake katika kazi kubwa. Na ndani ya milioni 100 kuna kimoja kinachoicheka rifampisini. Hicho kimoja sasa kina tiketi zote mbili. Mzunguko mwingine mmoja au miwili, ndiye mwenye nyumba.

Kwa hiyo jibu la kijana wako ni hili: havikuzoea dawa katika siku ambazo hukuimeza. Zile siku chache ulizomeza zilichagua nani abaki, na zile wiki ulizoacha zilimpa nafasi azae.

Daktari_Kiraka
Niongeze kidogo kwa Mzee. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari. Hili la dawa kubaki peke yake lilionekana tangu mwanzo kabisa. Jaribio la streptomaisini la Uingereza lililochapishwa 1948 lilikuwa na wagonjwa 55 waliopewa dawa, na 52 waliolazwa tu kitandani. Miezi sita, waliopewa dawa walikufa 4, wale wengine 14. Watu wakashangilia. Lakini wengi waliopata nafuu wakaanza kuharibika tena, makohozi yao yakiwa na vijidudu sugu, na miaka mitano baadaye zaidi ya nusu ya waliopewa dawa walikuwa wamekufa. Na hao hawakukatisha. Walipewa dawa moja tu.

Ila Dukani, hapa sipo upande wako. "Maliza dozi hata ukipona" kwa kila antibiotiki si jambo lililokubalika na wote. 2017 kundi la wataalamu liliandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza kwamba kwa magonjwa mengi ya kawaida hakuna ushahidi kuwa kuacha mapema kunaleta usugu, na kwamba kumeza siku nyingi kuliko inavyohitajika ndiko kunakoweza kuuongeza. Sababu ni vijidudu vya tumboni. Mama Kuku akimeza dawa ya UTI, mabilioni ya vijidudu vya utumbo navyo vinaimeza. Kila siku ya ziada ni siku ya kuchagua sugu huko. TB ni tofauti, Mzee kaeleza kwa nini.

Dukani_Nyakato
Sasa mteja nimwambieje? Meza ukijisikia? Wewe daktari unaongea ukiwa na maabara nyuma yako. Mimi nina kaunta na foleni. Nikimwambia mtu "inategemea," kesho anameza viwili anahifadhi vingine kwa ajili ya mtoto.

Daktari_Kiraka
Mwambie ameze kwa siku alizoandikiwa, asizidishe, asiweke akiba. Na wa mafua usimuuzie kabisa, mafua ni virusi. Kama siku zilizoandikwa ni nyingi mno, hilo ni kosa letu sisi tunaoandika. Lakini nakubali, kwenye kaunta sina jibu fupi lililo sahihi kwa magonjwa yote.

Mama_Kuku_Buswelu
Kwa hiyo mimi niliyeacha siku ya tatu nilikosea au sikukosea?

Daktari_Kiraka
Mama, UTI ya kawaida ya mwanamke kuna dawa ambazo dozi yake ni siku tatu na nyingine ni tano au zaidi. Inategemea ulipewa ipi. Ikiwa inakurudia kila mara, swali si siku ngapi. Upimwe mkojo kwa kuotesha, ijulikane kijidudu gani na dawa gani inakiua.

Nahodha_Igombe
Turudi kwa kijana. Hivyo vidonge tisa anafanyia nini?

Mzee_wa_Hadubini
Asiviguse. Vidonge tisa ni siku tatu, huo ni mzunguko wa tano tunautengeneza kwa mikono yetu. Binti, vichukue virudi zahanati. Asianze chochote kabla makohozi hayajapimwa kwa mashine ya Jinekspati. Na kwenye fomu iandikwe wazi kwamba aliwahi kutumia dawa akakatisha. Nilishaona fomu, sitasema za zahanati ipi, zimeandikwa "mgonjwa mpya" ili takwimu zipendeze. Ukiandika hivyo, maabara haitamtazama kwa jicho linalotakiwa.

Na yule mwenzake aliyegawiwa vidonge naye atafutwe.

Binti_Mwaloni
Wakuu, nimekaa kimya siku sita. Boti ya makohozi ilichelewa siku mbili kwa upepo, mashine yenyewe wanasema inachukua kama saa mbili tu. Majibu nimepigiwa picha, yameandikwa hivi:

```
MTB DETECTED MEDIUM
RIF Resistance NOT DETECTED
```

Nesi kaniambia TB ipo, usugu wa rifampisini haujaonekana, ataanza upya dozi ya miezi sita kuanzia siku ya kwanza. Zile wiki saba hazihesabiwi.

Dukani_Nyakato
Haya Mzee. Hesabu yote ile ya milioni 11, na mtu hana usugu.

Mzee_wa_Hadubini
Soma vizuri. Mashine hiyo, kwa kichupa cha kawaida wanachotumia, inaangalia rifampisini peke yake. Isoniazidi haikuulizwa. Nilichoeleza mimi kinaanza na isoniazidi. Kwa hiyo majibu haya yanasema kile kijidudu chenye tiketi mbili hakijawa mwenye nyumba. Hayasemi kama wale wenye tiketi moja wamefika wangapi. Huenda bado ni 100, kwa sababu pengine mizunguko yake haikuwa mikali kama niliyoichora. Huenda ni wengi.

Binti, mwombe mratibu wa TB wa wilaya sampuli ipelekwe ikapimwe na isoniazidi. Kama ni sugu kwa hiyo, ile miezi minne ya mwisho yenye dawa mbili itakuwa rifampisini peke yake, na hapo lazima dawa zibadilishwe mapema.

Daktari_Kiraka
Naunga mkono, ingawa kusema kweli kuna vituo watakwambia kama rifampisini iko sawa mwanzishe, mengine baadaye. Na hawajakosea kumwanzisha, maana anaambukiza watu. Ila hilo la isoniazidi lisiachwe njiani.

Nahodha_Igombe
Mnapanga vizuri, lakini giza linarudi baada ya siku kumi. Tajiri ataondoka na mitumbwi yake, na huyu asipoenda hali. Miezi sita ni magiza sita. Mimi ningesema hivi: kule kambini kuna mpishi, hatoki ziwani. Dawa akae nazo mpishi, wampe wakirudi asubuhi kabla ya uji. Mvuvi akitoka usiku mzima hakumbuki hata jina lake, lakini uji hausahau.

Mzee_wa_Hadubini
Mpishi ni wazo zuri kuliko yote niliyosoma humu. Ila wiki mbili za kwanza angalau abaki hapo kisiwani, alale peke yake, madirisha wazi. Kambi za dagaa watu wanalala wanane kwenye kibanda cha mabati.

Binti_Mwaloni
Nimeongea na tajiri. Kakubali giza hili moja amwache nchi kavu, anaanika dagaa kwa nusu posho. Mpishi ni mama mmoja wa Ukara, amesema ataandika kwa mkaa ukutani kila siku akimeza. Sampuli ya isoniazidi imeondoka leo asubuhi, hawajasema majibu yatarudi lini.

Kijana nimempa jibu la sato na wavu. Kasikiliza mpaka mwisho, halafu kaniuliza kama yule mmoja katika milioni 100 anaweza kuwa ndiye aliyempa mwenzake kwenye kile kibanda. Mwenzake tumeshampata, makohozi yake yanaondoka Jumatatu. Wabeja sana wakuu, nitarudi majibu yakija.